Duka letu sasa linapokea M-PESA na kadi, "bila ada zilizofichwa". Je, naweza kuandika hivi bila kumdanganya mteja?

#1 Binti wa Leso

Hamjambo wote. Nina duka la leso na vitambaa hapa Mtaa wa Biashara, Mombasa, ambalo nilirithi kutoka kwa mama. Miaka yote tumepokea taslimu, na aliyekosa taslimu alitumiwa nambari yangu ya simu. Mwezi huu nimepata tili ya Lipa na M-PESA pamoja na mashine ya kadi kutoka benki, na mpwa wangu ameandika maneno ya kuweka chini ya picha ya duka mtandaoni. Nayanakili yalivyo:

"Habari njema! Sasa unaweza kulipa kwa M-PESA au kwa kadi. Ni rahisi: chagua leso, lipa, ondoka. Hakuna ada zilizofichwa."

Nilimsomea mteja mmoja wa siku nyingi sentensi ya mwisho, akacheka, akaniambia kila duka husema hivyo, halafu ukifika kaunta unaambiwa utume na ya kutoa. Tangu hapo sentensi hiyo imenikwama kooni. Wenye uzoefu, je, ni kweli? Na hizo hatua rahisi zinatosha, au mteja atasimama mlangoni akinipigia simu kuuliza?

#2 Mzee wa Makadara

Mwanangu, ifute sentensi hiyo. M-PESA haijawahi kuwa ya bure hata siku moja. Mteja akituma anakatwa, na wewe kwenye tili unakatwa asilimia 1. Ukiandika hakuna ada, unajitafutia maneno na watu.

#3 Mhasibu Mstaafu

Mzee, umepata nusu, na nusu ya pili ndiyo itakayomponza binti huyu, kwa hiyo niruhusu nisahihishe.

Anayelipa kwenye tili kupitia "Buy Goods and Services" hakatwi chochote. Gharama inamwangukia mwenye duka, na kwa viwango vya sasa ni asilimia 0.55 ya kila malipo yanayozidi shilingi 200. Malipo ya shilingi 200 kushuka chini hayakatwi kitu, na hata mauzo yawe makubwa namna gani, makato ya malipo mamoja hayapiti shilingi 200. Hiyo asilimia 1 uliyoitaja ilikuwepo zamani, lakini ilikwisha shushwa.

Kukatwa kwa anayetuma ni jambo la kweli pia, ila hutokea mteja anapotuma kwenye nambari ya simu ya mtu. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Zote wanaziita "kulipa kwa M-PESA", na bango la duka linasema neno hilo hilo, lakini mkoba wa mteja unaona vitu viwili tofauti kabisa.

Binti wa Leso, jozi moja ya leso unaiuza kiasi gani? Nitajie bei nikupigie hesabu.

#4 Binti wa Leso

Shukrani. Zile zinazotoka zaidi ni shilingi 1,300 kwa jozi.

#5 Mhasibu Mstaafu

Vizuri. Chukua jozi hiyo moja, mteja mmoja, na njia tatu.

Akilipa kwenye tili, simu yake inapungua shilingi 1,300 kamili. Wewe unakatwa shilingi 7 na senti 15, unabaki na 1,292 na senti 85.

Ukimpa nambari ya Pochi la Biashara, kwake ni sawa na kumtumia mtu fedha. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kutuma kati ya shilingi 1,001 na 1,500 ni shilingi 23, kwa hiyo leso yake imemgharimu 1,323. Wewe unapokea 1,300 bila kupungukiwa.

Ukimpa nambari yako ya kawaida na kumwambia atume na ya kutoa, ataongeza shilingi 29 ambazo ndizo gharama ya kutoa kiasi hicho kwa wakala, kisha akatwe zile 23 za kutuma. Leso ya 1,300 imekuwa 1,352. Hakuna mahali popote kwenye bango ambapo 1,352 imeandikwa, na ndiyo maana mteja wako alicheka.

Kwa hiyo jibu la swali lako linategemea nambari iliyobandikwa kaunta. Ikiwa ni tili, upande wa simu unaweza kuandika sentensi yako bila wasiwasi. Ikiwa ni Pochi, usiiandike. Ikiwa ni nambari ya mtu, afadhali usiandike chochote.

#6 Kuli wa Kilindini

Kumbe zile 29 nimezilipa miaka yote kwa watu ambao hata hawaendi kwa wakala! Fundi wangu wa viatu nikimtumia na ya kutoa, dakika hiyo hiyo anamlipa muuza ngozi kwa simu. Alitoa wapi?

#7 Kipepeo wa Kilifi

Kuli, hapo umegusa kidonda changu. Nilifanya kazi miaka miwili katika duka la vyombo ambalo sitalitaja. Tajiri alitaka kila mteja atume na ya kutoa. Tuseme wateja kumi wa shilingi 1,300 kwa siku: kila mmoja ameongeza 29, jumla 290. Jioni tajiri alikuwa akitoa 13,000 kwa mkupuo mmoja, na kutoa kiasi hicho kwa wakala ni shilingi 167. Zilizobaki, 123, zilikuwa zake, kila siku, na hazikuandikwa katika daftari lolote. Hata sisi wafanyakazi tulichelewa kung'amua, kwa sababu kila mteja alikuwa akilalamikia shilingi zake 29 peke yake.

#8 Mzee wa Makadara

Mhasibu, nimekubali kusahihishwa kuhusu tili. Lakini nina ushahidi wa macho. Wiki iliyopita nililipa kwenye tili ya duka la dawa na nikakatwa zaidi ya bei. Nieleze hiyo.

#9 Mhasibu Mstaafu

Mzee, tafadhali fungua ule ujumbe uliopokea na utuandikie maneno yake, ukiondoa jina la duka na salio lako. Hasa nataka kujua kama umeandikwa "paid to" au "sent to", na mwishoni pale penye "Transaction cost" pana kiasi gani.

#10 Mama Pwani

Wakati tunamngoja mzee atafute miwani, naomba kuuliza. Dada, hiyo mashine ya kadi umeipataje? Mimi nina kibanda cha viazi karai Likoni na ningependa kuanza na kadi.

#11 Kuli wa Kilindini

Mama, kadi kwa viazi vya shilingi 20? Karatasi ya risiti itakuwa ghali kuliko viazi.

#12 Mama Pwani

Cheka tu, kaka. Watalii wanaovuka feri hawana sarafu.

#13 Binti wa Leso

Mama Pwani, niliipata katika benki ninakoweka fedha za duka. Waliangalia leseni ya biashara, cheti cha usajili, PIN ya KRA na kitambulisho changu. Lakini kwa viazi vya shilingi 20, nakushauri uchukue tili kwanza, maana kama alivyosema Mhasibu hapo juu, malipo ya chini ya 200 hayakatwi upande wowote.

#14 Mzee wa Makadara

Miwani imepatikana. Ujumbe unasema "paid to", kisha jina la duka, kisha "Transaction cost, Ksh0.00". Sasa naona aibu kidogo. Lakini chini yake pana ujumbe wa pili unaozungumzia Fuliza, na "Access Fee".

#15 Mhasibu Mstaafu

Huna sababu ya kuona aibu, mzee wangu, kwani umetusaidia sote. Salio lako halikutosha, Fuliza ikajazia, na Fuliza ni mkopo: hutoza asilimia 1 ya kiasi ulichojaziwa, kisha huongeza gharama ya kila siku mpaka ulipe, kulingana na deni. Duka la dawa halikupata hata senti moja ya hizo, wala halikujua kwamba umekopa.

Binti wa Leso, jambo hili linakuhusu moja kwa moja. Atakuja mteja kama mzee wetu, alipe kwa Fuliza, kisha arudi na simu mkononi akisema umemficha ada. Usibishane naye kwa maneno. Mwombe mfungue pamoja ujumbe wa kwanza na umwonyeshe ile sifuri. Ndiyo sababu mimi ningeitaja sifuri hiyo katika maelezo yenyewe ya picha: "ujumbe wako utaonyesha Transaction cost, Ksh0.00". Hiyo ni ahadi ambayo mteja anaweza kuikagua mwenyewe kabla hajatoka dukani. "Hakuna ada zilizofichwa" haikaguliki, kwa sababu kilichofichwa hakionekani.

#16 Mpwa wa Shangazi

Mimi ndiye mpwa niliyeandika maneno hayo, na shangazi hakuniambia kwamba ananipeleka mahakamani. Ninakubali hoja ya sifuri. Hata hivyo, naomba mkumbuke kwamba maelezo ya picha si mkataba. Mtu anayapitia kwa jicho moja akiwa ndani ya matatu. Yakizidi mistari sita, hayasomwi.

#17 Kipepeo wa Kilifi

Mpwa, mistari sita inatosha ukiondoa "Habari njema!" pamoja na "Ni rahisi". Kilichokosekana ni hatua zenyewe. "Chagua leso, lipa, ondoka" inamfaa anayejua. Mama yangu ana miaka 67, na kila akiambiwa alipe kwenye tili, hufungua sehemu ya kutuma fedha na kuandika nambari ya tili kana kwamba ni nambari ya simu. Inakataa, anahamaki, anatoa noti. Mwandikieni maneno yale yale anayoyaona kwenye kioo cha simu, kwa mfuatano wake: "Lipa na M-PESA", kisha "Buy Goods and Services", kisha nambari ya tili, kiasi, na nambari yake ya siri. Msitafsiri vitufe, kwani simu yake iko kwa Kiingereza, na hapo atatafuta neno la Kiswahili mpaka duka lifungwe.

#18 Binti wa Leso

Hili la vitufe sikulifikiria kabisa. Asante.

#19 Karani wa Zamani

Naongeza jambo moja ambalo limewahi kuniumiza. Andikeni nambari ya tili pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja. Tili nyingi zimesajiliwa kwa jina la mwenye biashara au la kampuni, na bango la nje lina jina jingine. Mteja anaona jina la mtu asiyemjua, anaogopa, anasitisha. Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Nilikuwa na kijana kaunta ambaye, nikitoka kuswali, aliwaambia wateja kwamba tili ina hitilafu leo, watume kwenye nambari hii. Nambari hiyo ilikuwa yake. Nilikuja kugundua baada ya miezi mitatu, mteja aliporudi kubadilisha shati na kunionyesha ujumbe wake. Ulikuwa "sent to", tena na jina la yule kijana. Kama wateja wangejua kwamba duka halina nambari nyingine yoyote, mmoja angeuliza mapema.

#20 Kuli wa Kilindini

Karani, na huyo kijana je?

#21 Karani wa Zamani

Ana duka lake sasa. Mtaa wa pili.

#22 Kuli wa Kilindini

Mtaji wa sala tano. Samahani, nimeshindwa kujizuia.

#23 Mhasibu Mstaafu

Tuje kwenye kadi, kwa sababu huko ndiko sentensi ya mpwa inakovuja. Dada, mkataba wako wa mashine unasema makato ni asilimia ngapi?

#24 Binti wa Leso

Asilimia 3 kwa kila mauzo, na fedha zinaingia benki siku ya kazi inayofuata. Hakuna kikomo cha makato kama kwenye tili.

#25 Mhasibu Mstaafu

Basi jozi ile ile ya 1,300 ikilipwa kwa kadi inakuachia 1,261. Umetoa shilingi 39 mahali ambapo tili ingechukua 7 na kidogo. Kwa jozi moja si msiba. Lakini wakija watu wa harusi, wanunue sare za shilingi 40,000, tili itakata 200 tu, ilhali mashine itakata 1,200. Hapo ndipo mwenye duka anaposhawishika kumnong'oneza mteja: "Kadi tunaongeza asilimia 3." Soma mkataba wako kabla hujathubutu. Mikataba niliyowahi kusoma mimi katika kazi yangu ilimkataza mwenye duka kumwongezea bei mteja kwa sababu ametumia kadi. Na hata kama wako haukatazi, ukishaandika hakuna ada zilizofichwa, huwezi tena kunong'ona.

#26 Mshenga

Kwa heshima zote, Mhasibu, wenye maduka si malaika, na wewe unawapangia hasara. Asilimia 3 zitatoka wapi? Dada atapandisha leso kutoka 1,300 hadi 1,350 na kila mtu atalipa, pamoja na bibi anayekuja na noti zilizofungwa kwenye pindo la leso. Mimi naiita hiyo ndiyo ada iliyofichwa kuliko zote, kwa sababu hata aliyeilipa hajui kwamba ameilipa.

#27 Kipepeo wa Kilifi

Mshenga, kwa hoja hiyo kodi ya pango na umeme wa duka ni ada zilizofichwa pia.

#28 Mshenga

Pango analitumia kila mteja anayeingia. Mashine ya kadi bibi haitumii.

#29 Mhasibu Mstaafu

Sina jibu rahisi kwa Mshenga. Ninaweza kusema tu kwamba taslimu nayo ina gharama yake ambayo haiandikwi popote: noti bandia, kutafuta chenji asubuhi, kijana wa kuzipeleka benki. Lakini nakubali kwamba bibi mwenye noti hakuombwa maoni.

#30 Mkazi wa Maskati

Nawasalimu kutoka Oman. Nikija likizo Mombasa hulipa kwa kadi yangu ya huku. Mara ya mwisho, mashine katika duka moja iliniuliza kama ninataka kulipa kwa shilingi au kwa riali. Nikachagua riali, nikidhani ni heshima kwa mgeni. Niliporudi na kulinganisha na kiwango cha benki yangu siku hiyo, nilikuta nimelipa zaidi. Je, duka lilinila?

#31 Mhasibu Mstaafu

Ndugu yangu, inawezekana muuzaji mwenyewe hakujua. Mashine ikikuuliza swali hilo, ukichagua fedha ya kwenu, ubadilishaji unafanyika hapo hapo kwa kiwango cha wenye mashine, na mara nyingi kiwango hicho kina faida yao ndani yake. Ukichagua shilingi, benki yako ndiyo inayobadilisha. Nayo inaweza kukutoza kidogo kwa matumizi ya nje ya nchi, lakini kwa kawaida unapata nafuu.

Dada, mfundishe kila anayekaa kaunta kwamba swali hilo likitokea, kioo kigeuzwe kwa mteja achague mwenyewe, na akiuliza, aambiwe bei ya duka ni ya shilingi. Mtu wa kaunta akimbonyezea riali au dola, mteja ataona ada ambayo ninyi hamkuiandika wala hamkuipokea.

#32 Mpwa wa Shangazi

Kwa hiyo siwezi kuandika "hakuna ada" kwa mgeni mwenye kadi, kwa sababu benki yake iko nje ya uwezo wetu. Vipi nikiandika "Duka haliongezi chochote"? Hapo nazungumzia duka peke yake.

#33 Mhasibu Mstaafu

Kijana, hilo ndilo neno. Ahidi kile ambacho mkono wako unakifikia.

#34 Mzee wa Makadara

Bado sijaelewa jambo moja. Ikiwa tili inamkata mwenye duka shilingi 7 tu kwa leso nzima, kwa nini maduka mengi hapa mtaani bado yanatupa nambari za simu? Shilingi 7 ni kitu gani?

#35 Kipepeo wa Kilifi

Kwa tajiri wangu ilikuwa zile 123 za kila jioni.

#36 Mshenga

Mimi nasema ni hofu ya kodi. Tili ina jina la biashara na taarifa yake inatoka safi, mwezi kwa mwezi. Nambari ya mtu imechanganyika na karo, matanga na michango ya harusi, na hakuna anayeweza kuipambanua.

#37 Karani wa Zamani

Mshenga, mtu wa mamlaka ya kodi akitaka taarifa ya nambari yako ataipata vilevile, na itakuwa kazi yako kumthibitishia ipi ilikuwa karo na ipi ilikuwa shati. Mimi nadhani ni mikopo. Fedha nyingi zikipita kwenye nambari yako, wenyewe wanaamini kikomo chao cha kukopa kinapanda. Jirani yangu alikataa tili kwa sababu hiyo hiyo, tena aliniambia bila kuficha.

#38 Mama Pwani

Mbona mnatafuta mbali? Wengine hatukujua. Mimi nilidhani tili ni ya maduka makubwa yenye kiyoyozi. Leo ndiyo nimesikia kwamba ya chini ya 200 ni bure.

#39 Kuli wa Kilindini

Mama Pwani ameshinda uzi. Naomba nambari ya tili yako ikitoka, nije kula viazi nilipe kwa heshima.

#40 Dereva wa Nyali

Nimesoma tangu juu. Swali langu ni fupi: mtu wa Airtel Money je? Maelezo yanasema M-PESA na kadi tu. Sisi tusio na M-PESA turudi na noti?

#41 Mshenga

Siku hizi mitandao inaingiliana, unalipa popote.

#42 Mhasibu Mstaafu

Nisingeandika hivyo mpaka nijaribu. Dada, mwombe jirani mwenye Airtel Money alipe shilingi 10 kwenye tili yako, uone kama zinaingia, anapitia vitufe vipi, na yeye amekatwa kiasi gani. Zikiingia bila makato, mtaje mteja huyo kwa jina la mtandao wake. Zisipoingia, Dereva atajua mapema kwamba achukue noti au kadi, na hutamdhalilisha mbele ya foleni.

#43 Binti wa Leso

Nitajaribu kesho, mwenye cherehani wa jirani anatumia Airtel. Kuna jambo jingine limetokea leo nami nataka kulisema. Mteja amenionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, wa 2,600, lakini kwangu hakuna kitu kilichoingia. Nikamwomba angoje. Akasema mtandao uko chini na ana haraka.

#44 Karani wa Zamani

Ulimpa leso?

#45 Binti wa Leso

Nilimpa kiti na maji. Baada ya dakika kumi akakumbuka kwamba ana noti.

#46 Karani wa Zamani

Basi umefaulu mtihani bila kufundishwa. Ujumbe wa bandia unaandikwa na yeyote mwenye simu, na unaweza kufanana na wa kweli herufi kwa herufi. Wa kweli hufika ukiwa na jina MPESA pale pa mtumaji, lakini hata hilo usilisome kwenye simu ya mteja. Soma kwako, kwenye simu inayopokea ujumbe wa tili au kwenye programu ya biashara, ulinganishe kiasi na msimbo wa malipo. Na usimwambie mteja alipe tena kabla hujaangalia huko, maana mara nyingine ni ujumbe tu uliochelewa, fedha zilishaingia, na ukamlipisha mara mbili mtu mwaminifu.

#47 Mpwa wa Shangazi

Hili ni la kaunta, siliweki kwenye picha. Nimeandika upya. Nambari ya tili na jina nimeziacha wazi mpaka shangazi aniruhusu:

"Sasa unaweza kulipa kwa M-PESA au kwa kadi, kwa bei ile ile ya taslimu.
M-PESA: Lipa na M-PESA, Buy Goods and Services, Till No. ......, kiasi, PIN. Jina litakalotokea ni ......
Ujumbe wako utaonyesha Transaction cost, Ksh0.00. Hatuna nambari nyingine, na hatuombi ya kutoa.
Kadi: kuanzia shilingi 1,000. Gusisha mwenyewe, chagua shilingi, chukua risiti.
Duka haliongezi chochote. Ukitumia Fuliza au kadi ya nje, muulize mkopeshaji au benki yako."

#48 Kipepeo wa Kilifi

"Hatuombi ya kutoa" peke yake ingetosha kuniingiza dukani.

#49 Mshenga

"Bei ile ile ya taslimu." Ninaiweka alama sentensi hiyo. Dada, utuambie ukweli: leso bado ni 1,300?

#50 Binti wa Leso

Ni 1,300 mpaka mzigo huu uishe. Mzigo unaofuata sijaupigia hesabu, na sitakuahidi kitu hapa, Mshenga.

#51 Mshenga

Angalau hujaficha.

#52 Mama Pwani

Mpwa, hiyo "kuanzia shilingi 1,000" mbona imejitokeza kimyakimya? Mimi nataka sindano na uzi wa 80.

#53 Mpwa wa Shangazi

Shilingi 80 lipia kwenye tili, mama. Hukatwi, nasi hatukatwi.

#54 Dereva wa Nyali

Na sisi wa Airtel tunangoja shilingi 10 za fundi cherehani.